Honi Iliyotoka Kushoto

Pale duka la dawa walimwita Breki, jina ambalo yeye mwenyewe hakulipenda hata kidogo. Alibandikwa na shemeji yake, mume wa dada yake, siku za mwanzo walipokuwa wakipeleka dawa kwa baiskeli pamoja. Shemeji alikuwa ameona mwenyewe kwamba yule mwanamke anafunga breki kwa kila kitu: kwa paka, kwa mfuko wa nailoni unaopeperuka, kwa mtoto aliye upande wa pili wa barabara akila zake andazi wala hana habari na mtu.

"Shemeji, wewe hata kivuli chako kikikatiza unakipisha," alimwambia siku moja mbele ya wenzao wote, na kuanzia hapo jina halikutoka tena.

Alijifanya amechukia. Ukweli ni kwamba uoga wake wa barabara ulikuwa ndio ufundi wake. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo, akiwa na sanduku la dawa mgongoni, hajawahi kuanguka, hajawahi kumgonga mtu, wala hajawahi kuvunja chupa ya mteja. Kabla ya kuhama upande, aligeuza shingo nyuma. Akifika makutano, anageuza tena. Shemeji alisema siku shingo hiyo itakapochoka, itabidi wainunulie grisi.

Mwenye duka, ambaye wote walimwita Mama Famasia, alikuwa amepiga marufuku kitu chochote masikioni. Alikuwa na sababu. Mmoja wa waendeshaji wake aliwahi kuingia mtaroni na baiskeli nzima huku akisikiliza mpira, na dawa za watu zikaelea kwenye maji machafu. Lakini marufuku hiyo nayo ilikuwa na shida zake. Kazi ya kupeleka dawa haiendi bila simu. Mteja anakwambia geti la bluu, ukifika mtaa mzima mageti ni ya bluu, inabidi upige. Mama Famasia mwenyewe alikuwa akipiga kila mara kubadilisha safari. Kwa hiyo waendeshaji walikuwa wakishika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, jambo ambalo ni baya kuliko mpira.

Breki ndiye aliyeleta dawa ya tatizo hilo. Alijichanga akanunua zile spika ndogo za masikioni zisizo na waya, zenye kijiti kidogo kinachoning'inia, na akaenda nazo hadi kaunta.

"Mama, hizi si kama zile," alisema. "Hizi zina maikrofoni huku nje. Ukibonyeza hapa kwenye kijiti ukashikilia, unasikia toni, halafu maikrofoni inachukua sauti za nje na kukuletea ndani. Wanaita uwazi. Ukibonyeza tena, ndiyo inaua kelele, unabaki kama umezama kwenye pipa la maji. Sisi barabarani tutatumia uwazi tu."

Mama Famasia hakuwa mtu wa kudanganywa na maneno. Alimwambia azivae, ageukie ukuta, na asichungulie. Kisha akanyata hadi kwenye rafu na kuangusha funguo.

"Funguo," alisema Breki, uso ukutani. "Mkono wangu wa kulia, karibu na rafu ya watoto."

Mama akasogea upande wa pili, akakohoa kidogo sana.

"Sasa uko kushoto, na una mafua."

Duka zima lilicheka, na Mama Famasia akacheka pia, jambo ambalo si la kila siku. Marufuku ikaondolewa kwa masharti: uwazi uwe umewashwa muda wote, muziki hakuna, na Breki ndiye atakayewafundisha wengine. Aliwafundisha kweli, kwa ukali wa mwalimu wa darasa la kwanza. Mtu akisahau kuwasha uwazi, alikuwa anamsema mpaka anajuta kuzaliwa na masikio.

Mtu wa mwisho kukubali alikuwa dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani, anafanyia kazi sebuleni, na mtoto wao alikuwa bado ananyonya. Hakuwahi kuipenda kazi ile ya mume wake, na habari za kuziba masikio ndizo zilizomtia wazimu kabisa. Breki alienda nyumbani kwake, akakaa kwenye stuli katikati ya vipande vya vitambaa, akamweleza mambo ya maikrofoni, akamvisha, akampigia makofi nyuma ya kichwa.

"Nimesikia," dada alisema, akizivua na kuzitazama kama mtu anayetazama wadudu. "Sawa. Lakini mimi mashine siijui, nakujua wewe. Nakukabidhi mume wangu mzima. Mzima nataka anirudie."

"Atarudi mzima, dada. Niko naye."

"Nimekukabidhi wewe, sikuikabidhi spika."

Shemeji, aliyekuwa amembeba mtoto mlangoni, akadakia, "Na mimi je, siulizwi? Nakabidhiwa kama mzigo wa kabichi?" Dada akamrushia kipande cha kitambaa, na mambo yakaishia kwenye kicheko. Lakini Breki aliyachukua maneno yale kwa uzito. Tangu siku hiyo, safari za mbali walikwenda wote wawili, yeye mbele, shemeji nyuma.

Na spika zilikuwa nzuri, tusizisingizie. Breki alijifunza kutambua sauti za magurudumu kabla gari halijamfikia. Lori alilijua kwa ngurumo yake, pikipiki kwa kelele zake za kujitangaza. Sauti ya kushoto ilikuja kushoto, ya kulia ikaja kulia. Taratibu, bila mtu yeyote kuamua, shingo yake ikaanza kupumzika. Kwa nini ageuke wakati amekwisha kusikia kwamba hakuna kitu? Shemeji aliliona hilo kabla yake.

"Shemeji, siku hizi hugeuki. Shingo imeota kutu?"

"Nasikia. Wewe endesha."

Kulikuwa na mazoea mengine pale dukani, ya kijinga, ambayo hakuna aliyeyaona kuwa ya kijinga. Kikasha cha kuchajia spika kilikuwa kinaachwa kaunta, kwa sababu mifuko ya sare zao ilikuwa mifupi na imejaa chenji na risiti. Sasa ikitokea spika moja imeisha chaji njiani, utaiweka wapi? Shemeji aliwahi kuiweka mfukoni, ikadondoka kwenye ngazi za ghorofa fulani, na hadi leo haijaonekana. Breki alimnunulia nyingine kwa kununa, kisha akatoa amri kwa wote: iliyokufa ibaki sikioni, hapo ndipo haitapotea. Moja ikizimika, si ile nyingine ipo? Kila mtu akaona ni akili. Hakuna aliyejiuliza kile kipande kilichozimika kinafanya nini kule ndani ya sikio.

Siku yenyewe ilianza vibaya kwa kitu kidogo. Kikasha cha Breki kilikuwa kimeingia vumbi la pamba kwenye vichuma vya kuchajia, upande wa kulia, kwa hiyo spika ya kulia ilikuwa imelala kikashani bila kupata chaji. Walipokuwa wanafunga masanduku ya dawa, ilimlilia toni ya kushuka sikioni, tuu-tuu, ikanyamaza. Breki akaguna. Akagusa ya kushoto, ikaitika, uwazi upo. Mama Famasia alikuwa anaharakisha, mgonjwa wa sukari alikuwa anasubiri insulini na barafu kwenye sanduku ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Imekufa ya kulia," alimwambia shemeji wakiwa wanapanda baiskeli.

"Basi kesho tunazika," alijibu shemeji, na wakaondoka.

Barabara ile kubwa magari yalikuwa yanakimbia upande wao wa kulia, kama kawaida, na wao wakashika ukingo wa kushoto. Kushoto kulikuwa na maduka ya vipuri, mageti ya karakana, magari yameegeshwa hovyo. Breki alikuwa mbele. Mama Famasia akapiga simu, sauti yake ikajaa sikio la kushoto: mteja amehama, si nyumba ile ya zamani, apite mtaa wa pili baada ya kituo cha mafuta, asikosee kama safari ile. Breki alikuwa anasema ndiyo mama, sawa mama, huku akitafuta kituo cha mafuta kwa macho.

Ndipo akasikia honi.

Ilikuwa ndefu, nzito, ya kuomba njia kwa nguvu, na aliisikia vizuri kabisa. Ilitoka kushoto. Kushoto pale kulikuwa na geti la karakana lililo wazi, na kichwani mwake picha ikaja yenyewe: kuna gari linatoka pale kwa kasi, dereva haoni mbele. Breki alifanya kile alichokuwa akikifanya maisha yake yote, alipisha. Alivuta usukani kulia, kuelekea katikati ya barabara, kuipisha honi. Hakugeuza shingo.

Kitu kikamgonga begani kutoka kulia kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua. Baiskeli ikamtoka miguuni, akaruka, akatua kwenye ukingo wa njia ya waendao kwa miguu kwa kiwiko na nyonga, na sanduku la dawa likampiga kisogoni. Alichoona kwanza ni mkono wa shemeji yake, umenyooka, umemsukuma.

Hasira ilimpanda palepale, maana huyo shemeji alikuwa na mchezo wa kumsukumasukuma bega wakiwa kwenye baiskeli, na alikwisha kumkataza mara nyingi.

"Wewe mwehu nini!" alipiga kelele hata kabla hajainuka. "Nimekwambia mchezo huo siupendi! Utakuja kuniua siku moja, mjinga mkubwa we!"

Aliinuka, akajipangusa, akageuka akiwa bado na matusi mengine mdomoni. Barabara ilikuwa imesimama. Katikati yake kulikuwa na lori la kubebea kokoto, limesimama mshazari, linanuka mpira ulioungua. Chini ya bampa yake kulikuwa na baiskeli ya shemeji iliyokunjwa kama waya wa kutundikia nguo. Shemeji mwenyewe alikuwa amelala mbele kidogo, na mguu wake mmoja ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu wa mtu hauelekei.

Breki alisimama. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliyatazama yale kama yanayotokea kwa watu wengine. Kisha shemeji akafungua macho, akamtafuta, akamwona amesimama, akayafumba tena. Hapo ndipo alipomkimbilia na kupiga magoti kando yake.

Dereva wa lori alikuwa ameshuka. Alikuwa mtu mzima, mnene, amevaa ndala.

"Nilipiga honi," alikuwa anasema kwa kila aliyemtazama. "Jamani, nilipiga honi. Yule dada aliingia mbele yangu."

"Muongo!" Breki alisema. Sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe. "Iliyopiga honi ni gari lililotoka getini, huku kushoto! Wewe hukupiga! Umetujia kimyakimya!"

Watu wakaanza kugawanyika. Wengine walisema wamesikia lori, wengine hawakuwa na uhakika, honi ni honi. Mmoja akasema madereva wa kokoto wote ndivyo walivyo, na hilo likapokelewa na wengi. Dereva ndiye aliyemwinua shemeji pamoja nao, ndiye aliyesimamisha gari dogo, na ndiye aliyekishika kichwa chake njia nzima hadi hospitali. Breki alikaa kiti cha mbele na hakumgeukia hata mara moja. Alikuwa anasema kimoyomoyo: amenigongea mtu niliyekabidhiwa. Aliyashika maneno hayo kwa nguvu zote, kwa sababu akiyaachia hakujua angeshika nini.

Hospitali, shemeji akapelekwa ndani. Dereva akakaa kwenye benchi la mwisho la korido, na askari wa barabarani aliyewafuata akachukua funguo za lori akazitia mfukoni. Kisha akamwendea Breki kwa maelezo. Breki aliyatoa yote bila kutikisika. Honi ilitoka kushoto. Aliisikia kwa masikio yake, tena alikuwa amewasha uwazi, spika zenyewe ndizo hizi bado amezivaa. Yuko tayari kuapa.

"Basi hapa dereva ana kesi," alisema askari, akifunika kalamu yake. "Na yule akipata la kupata, ni kesi nyingine kubwa zaidi."

Askari akaondoka kwenda kupiga simu. Breki akabaki amesimama, ameegemea ukuta, anatazama sakafu, mlango wa wodi ukiwa mkono wake wa kulia.

"Ndugu wa majeruhi!" sauti ya mwanamke iliita.

Breki aligeuka haraka kushoto. Kulikuwa na benchi, na mama mmoja amempakata mtoto mwenye homa. Hakuna mwingine.

"Ndugu wa majeruhi wa baiskeli!"

Akageuka kushoto tena, akamtazama yule mama. Yule mama akamtazama kwa huruma, akidhani amechanganyikiwa, akanyoosha kidole upande wa pili.

"Anakuita nesi, dada. Kule."

Nesi alikuwa amesimama kulia kwake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa.

"Unaweza kuingia kidogo kabla hatujampeleka kupasuliwa," nesi alisema, na Breki aliona midomo yake ikicheza upande mmoja na kuyasikia maneno upande mwingine.

Aliinua mkono polepole na kuchomoa spika ya kulia. Korido nzima ikamwingia kwa sikio hilo kwa mara moja: magurudumu ya kitanda, kikohozi cha mtu, maji yanayotiririka kwenye sinki. Akairudisha. Sikio la kulia likazibika, na sinki, ambalo alikuwa analiona kwa macho yake mkono wa kulia, likahamia kushoto. Mlango wa wodi ulifunguka kulia ukalia bawaba zake kushoto. Akaichomoa tena, akaitazama pale kiganjani, ile ya kulia, iliyokufa tangu dukani. Ilikuwa imekaa mle sikioni kama kizibo cha chupa, na sauti zote za dunia zilikuwa zimebaki na mlango mmoja tu wa kuingilia.

Honi ilikuwa ya lori. Ilitoka nyuma yake, kulia, aliisikia kushoto, na akaikimbia kwa kuifuata.

Akashika ukuta. Nesi akamuuliza kama anataka kukaa. Alisema hapana, anataka kumwona.

Shemeji alikuwa amelala na mguu umefungwa vibao, midomo imekauka. Daktari alisema mfupa wa paja umevunjika mara mbili, watauunga kwa chuma, lakini atakuwa hai. Shemeji alipomwona Breki akajaribu kutabasamu.

"Shemeji," alisema, "kwa mara ya kwanza ulikataa kufunga breki. Na siku yenyewe ukachagua ndiyo ile."

"Usiongee."

"Nilikuita. Nilikuita jina lako la kweli kabisa, siyo hili la utani."

Breki alianza kulia. Shemeji akamwashiria asogee, akashusha sauti.

"Sikiliza. Nimesikia kwa manesi kwamba umemwambia askari dereva hakupiga honi. Mimi nitasema hivyohivyo. Lori ni la kampuni, wana bima, nitatibiwa vizuri. Wewe nyamaza tu. Dada yako akijua, hamtakaa meza moja tena."

Alimtazama na kuona kwamba anajua. Alikuwa nyuma yake, masikio yake yote mawili yakiwa hai. Alilisikia lile lori na akaona yeye anavuta usukani kwenda ndiko siko, na hakuwa na nafasi ya kitu kingine isipokuwa mwili wake. Na sasa, mguu ukiwa vipande vipande, alikuwa anamtafutia pa kujificha. Manesi walikuja kumchukua, na kitanda kikatoka.

Aliporudi koridoni, dada yake alikuwa amefika. Alikuwa amekuja na nguo za kazini, pini bado zimechomekwa kwenye kola, mtoto mgongoni. Mtu alikwisha kumwelekeza. Alikuwa amemsimamia dereva pale kwenye benchi la mwisho na anamwaga yote yaliyo moyoni.

"Kokoto zina haraka gani? Kokoto zinaoza? Mtu ana mtoto wa kunyonya, wewe unampitia hata honi hupigi!"

Dereva alikuwa ameinamia miguu yake. Hakubisha tena. Inaonekana alikuwa amesema alichonacho mpaka kikamwishia, na hakuna aliyekipokea.

"Dada," Breki aliita.

Dada akageuka, akamkumbatia kwa nguvu hata mtoto akalia kidogo. "Asante Mungu wewe mzima. Wameniambia umemsemea huyu kila kitu kwa askari. Umefanya vizuri. Tutamfunga."

Hapo kulikuwa na nafasi ya kunyamaza, kubwa, na ilikuwa imeandaliwa na watu wanaompenda. Breki aliiona. Alihisi pia ile spika kwenye kiganja, imelowa jasho lake.

"Alipiga honi," alisema.

Dada hakuelewa.

"Dereva alipiga honi, dada. Niliisikia. Hii hapa imekufa tangu asubuhi, na mimi nimeiacha sikioni, ikaziba. Nikasikia kila kitu kushoto. Nikadhani honi inatoka getini, nikaingia barabarani, sikugeuka hata kutazama. Mume wako alinisukuma mimi. Lori lilikuwa linanijia mimi. Na amri ya kuacha zilizokufa masikioni ni yangu pia, niliitoa mwenyewe, na kila mtu pale dukani anaifuata."

Alisema yote kwa pumzi moja, na alipomaliza alisubiri kofi. Angelishukuru. Dada yake alimtazama, uso umepoa kabisa, kama vile anayemtazama ni mteja aliyeleta nguo ambayo haijulikani itashonwa vipi. Mikono yake ilikuwa imeganda kwenye fundo la kitambaa cha kumbebea mtoto.

"Atapona?" aliuliza hatimaye.

"Daktari amesema atapona. Mguu watauunga."

"Nilikukabidhi wewe."

"Najua, dada."

"Sikuikabidhi spika."

"Najua."

Dada akafumba macho, akayafumbua. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini na imechoka sana.

"Mimi utanikuta nyumbani, tutaongea, na sijui tutaongea nini. Sasa hivi sitaki kukuona. Lakini huyu baba wa watu nimemtukana mbele ya korido nzima." Alinyoosha kidevu kuelekea benchi la mwisho. "Nenda kamwambie. Nenda na askari akusikie."

Askari alikuwa amerudi na alikuwa amesimama pale, funguo za lori zikining'inia kidoleni. Breki akamwambia maelezo yake yote ni ya uongo, ingawa alipoyasema aliyaamini, na kwamba yuko tayari kuyaandika upya. Askari akamwuliza kama anajua maana yake. Akasema anajua. Kisha akaenda hadi kwenye benchi la mwisho na kuchuchumaa mbele ya yule mtu mnene mwenye ndala. Damu ya shemeji ilikuwa imekauka kwenye mikono ya shati lake, pale alipokuwa amemshikia kichwa.

Dereva hakuinua uso. Alipoona miguu ya mtu mbele yake, akaanza tena, kwa sauti iliyokwisha kukata tamaa ya kuaminiwa.

"Nilipiga honi, mama. Haki ya Mungu, nilipiga."

"Ulipiga," Breki alisema. "Ulipiga, baba. Mimi nilikusikia."

Yule mtu akainua kichwa akamtazama, akiwa hajui kama ameelewa sawasawa. Halafu akaficha uso wake kwenye ile mikono yenye damu, akalia kwa sauti, na Breki akabaki amechuchumaa pale mbele yake, masikio yote mawili wazi, akimsikia.